Iko wapi “ni” ya Kiarabu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jumla ismiya na jumla fiiliya

Maswali haya ni yale ambayo wanafunzi wa nahau huyarudia kila mwaka, karibu kwa maneno yaleyale. Yamepangwa kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale yanayomsumbua mtu aliyekwisha kusoma miaka miwili mitatu. Mifano ya Kiarabu imeandikwa kwa herufi zetu: irabu ikiandikwa mara mbili ni madda (*kabiir*), alama ya ' husimama badala ya ain na hamza, na herufi nzito hazikutofautishwa na nyepesi. Irabu za mwisho wa maneno zimeandikwa zote, kwa sababu ndizo zinazobeba somo lenyewe.

## Mwanzo

1. Je, ni kweli Kiarabu hakina kitenzi “kuwa”?

Si kweli. Kinacho, nacho ni *kaana*, pamoja na *yakuunu* na *kun*. Kilicho kweli ni kwamba Kiarabu hakikitumii unaposema jambo lilivyo sasa hivi. Ukitaka kusema “nyumba ni kubwa” unasema *al-baytu kabiirun*, maneno mawili tu: nyumba, kubwa. Ukitaka kusema “nyumba ilikuwa kubwa”, hapo ndipo kitenzi kinapotokea: *kaana l-baytu kabiiran*.

Kwa hiyo mtu anayetafuta neno moja la Kiarabu lenye maana ya “ni” anatafuta kisichokuwepo. Kazi ya “ni” inafanywa na mpangilio wa maneno yenyewe, hasa na ile *al-* ya mwanzo wa neno. Jambo hilo limeelezwa kwa urefu katika swali la 3, na ukilielewa hilo umemaliza nusu ya kazi.

2. Jumla ismiya ni ipi na jumla fiiliya ni ipi?

Jumla ni sentensi. Inayoanza kwa jina ni ismiya, inayoanza kwa kitenzi ni fiiliya. *Al-waladu mariidun*, mtoto ni mgonjwa, ni ismiya. *Naama l-waladu*, mtoto alilala, ni fiiliya.

Ismiya ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mubtada, yaani kile kinachoanziwa kusemwa. Ya pili ni khabari, yaani kinachoelezwa juu yake. Hili la pili ni neno letu la “habari” hasa, na kulikumbuka kwa maana hiyo kunasaidia: unataja nyumba, kisha unatoa habari yake. Fiiliya nayo ina kitenzi na mtenda, na ikiwa kitenzi kinahitaji, mtendwa.

Neno “kuanza” lina mtego kidogo. *Amsi naama l-waladu*, jana mtoto alilala, bado ni fiiliya ingawa limetangulia neno la wakati, kwa sababu “jana” si mubtada. Kinachotazamwa ni lipi kati ya nguzo mbili za sentensi limetangulia.

3. Kama hakuna “ni”, nitajuaje hii ni sentensi na ile ni “nyumba kubwa” tu?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa. Kiarabu hutofautisha jina linalojulikana (maarifa) na jina lisilojulikana (nakira). Jina lenye *al-* ni maarifa. Lenye tanwini, yaani ule mwisho wa *-un*, kwa kawaida ni nakira. Chukua maneno mawili tu, *bayt* na *kabiir*, uyapange kwa njia nne:

*baytun kabiirun*: nyumba kubwa, yoyote.
*al-baytu l-kabiiru*: ile nyumba kubwa tunayoijua.
*al-baytu kabiirun*: nyumba ni kubwa.
*baytu l-kabiiri*: nyumba ya yule mkubwa.

Ni ya tatu peke yake iliyo sentensi. Sifa katika Kiarabu hulifuata jina lake katika kila kitu: jina likiwa na *al-*, sifa nayo inayo, likiwa na tanwini, sifa nayo inayo. Maneno mawili yakiwa sawa, msikilizaji anayaunganisha kuwa kitu kimoja na kuendelea kungoja, kwa sababu bado hujamwambia habari. Yanapotofautiana, la kwanza likiwa maarifa na la pili nakira, kamba inakatika pale katikati. Anaelewa kwamba kitu kimetajwa na sasa kinaelezwa. Mkato huo ndio “ni” ya Kiarabu.

Jaribu kumwambia Mwarabu *al-baytu l-kabiiru* kisha unyamaze. Atakutazama akingoja: “Enhe, ile nyumba kubwa imefanyaje?” Mwambie *al-baytu kabiirun* naye ataitikia, maana umekwisha kusema.

Mpangilio wa nne ni mtego wa wanaoanza. Jina la kwanza halina *al-* wala tanwini, na la pili limeishia *-i*. Huo ni uhusiano wa kumiliki, kama “nyumba ya”. Ukikosa irabu ya mwisho unaposoma maandishi yasiyo na irabu, utajua kwa kuona kwamba la kwanza halina *al-* na la pili linayo. Mpangilio huo hauwi sentensi ya kawaida ya mubtada na khabari.

4. Mbona inaonekana ajabu hivi? Sisi tunasema “ni” kila mahali.

Hatusemi kila mahali. “Jina lako nani?” “Jina langu Asha.” Katika mazungumzo hayo hakuna “ni”, na hakuna Mswahili anayeona kuna pengo. Kiarabu kinasema vilevile: *Maa smuka? Ismii 'Aa'ishatu.* Pia sisi husema “bei gani?” na “huyu mwanangu”, na maana inafika.

Tofauti ni kwamba kwetu kuacha “ni” kunafaa mahali fulani tu, na mara nyingi sauti ndiyo inayosaidia. Katika Kiarabu ndiyo kanuni ya wakati uliopo. Wala usidhani kwamba Mwarabu anaisema moyoni kisha anaimeza. Wanazuoni wa nahau hawakukadiria neno lolote lililofichika kati ya *al-baytu* na *kabiirun*. Kwao sentensi imekamilika ilivyo. Mahali walipokadiria neno lililofichika ni pengine, tazama swali la 14.

## Mubtada na khabari zinavyoelewana

5. Khabari ifuate mubtada kwa kiasi gani?

Khabari ikiwa sifa, inafuata jinsia na idadi, lakini haifuati *al-*. *Ash-shamsu haarratun*, jua ni kali, na sifa imechukua alama ya kike kwa sababu jua katika Kiarabu ni la kike. *Al-mu'allimuuna haadiruuna*, walimu wapo hapa, na zote ni za wingi.

Mahali tunapoteleza ni wingi wa vitu visivyo watu. Kwetu ni “vitabu ni vipya”, kiambishi cha wingi kikijirudia. Kiarabu kinasema *al-kutubu jadiidatun*, kana kwamba vitabu vile ni mwanamke mmoja. Wanafunzi wetu huandika *jududun* wakiamini wingi lazima ulingane na wingi, kwa sababu ngeli za Kiswahili zimewazoesha hivyo tangu utotoni. Kwa vitu, shika umoja wa kike na hutakosea.

Mubtada na khabari zote mbili ziko katika raf'u, ule mwisho wa *-u* au *-un*. Ukiona khabari imebadilika na kuishia *-an*, basi kuna neno limeingia mbele ya sentensi. Tafuta *kaana* au *laysa*.

6. Nimeona “huwa” katikati ya sentensi. Si ndiyo “ni” hiyo?

Hapana, ingawa kosa hili linaeleweka. *Huwa* ni “yeye”. Inaingia katikati pale khabari nayo inapokuwa na *al-*, kwa sababu ule mkato wa swali la 3 umepotea. *Haadha l-kitaabu* ni “kitabu hiki”, si sentensi. *Haadhaa kitaabun* ni “hiki ni kitabu”. Sasa ukitaka kusema kwamba hiki ndicho kile kitabu unachokitafuta, maneno mawili yenye umaarifa yatagandana yawe “kitabu hiki”. Ndipo inapoingizwa dhamiri ya kutenganisha: *haadhaa huwa l-kitaabu*.

Tazama tafsiri yake ya Kiswahili: hiki *ndicho* kitabu. *Zaydun huwa l-mudiiru*: Zaidi *ndiye* mkurugenzi. Karibu kila mahali ambapo Kiarabu kinatia *huwa*, *hiya* au *hum* ya aina hii, Kiswahili kinataka ndiye, ndiyo, ndicho, ndio. Mwenye Kiswahili cha kuzaliwa analo sikio tayari kwa jambo hili na hana haja ya kukariri kanuni. Ukisikia moyoni mwako “ndi-”, tia dhamiri. Ukisikia “ni” tupu, usitie kitu.

Kwamba *huwa* si kitenzi unaweza kuithibitisha kwa *kaana*. Katika Suratul Maida, aya ya 117, Nabii Isa anamwambia Mola wake *kunta anta r-raqiiba 'alayhim*, Wewe ndiye uliyekuwa mwangalizi juu yao. *Kunta* imeipita ile *anta* ya katikati na kuigeuza khabari kuwa *ar-raqiiba*, kwa nasbu, yaani ule mwisho wa *-a* au *-an*. Ile dhamiri imesimama katikati kama ukuta mwembamba tu, haikuzuia lolote.

7. “Kuna mtu nyumbani” na “nina kitabu” zinasemwaje bila kitenzi?

Kwa kuitanguliza khabari. Sentensi haipendi kuanza kwa jina lisilojulikana, kwa hiyo huwezi kuanza na *rajulun* ukasema habari zake. Unaanza na mahali: *fi l-bayti rajulun*, nyumbani kuna mtu. Mubtada hapa ni *rajulun*, amekuja nyuma. Linganisha na *ar-rajulu fi l-bayti*, yule mtu yuko nyumbani. Kiswahili kinatofautisha kwa “kuna” na “yuko”. Kiarabu kinatofautisha kwa nani katangulia na nani ana *al-*.

“Nina kitabu” ni *'indii kitaabun*, yaani kwangu kuna kitabu. Hapa hakuna kitenzi, na *kitaabun* si kitu kinachomilikiwa na kitenzi bali ni mubtada. Ubaya wa kutolielewa hili hujitokeza ukienda wakati uliopita. Wengi huandika *kaana 'indii kitaaban*, kwa kuwa wamezoea kwamba baada ya *kaana* neno la mwisho huchukua *-an*. Sahihi ni *kaana 'indii kitaabun*. Kitabu ndicho “kilichokuwapo”, na nafasi ya khabari imeshikwa na *'indii*.

## Wakati mwingine na kukanusha

8. *Kaana* inabadilisha nini hasa?

Inabadilisha wakati, na inabadilisha irabu ya khabari. *Al-baytu kabiirun* inakuwa *kaana l-baytu kabiiran*. Mubtada inabaki na raf'u yake, khabari inahamia nasbu. Kwa wakati ujao ni *sayakuunu l-baytu kabiiran*. Kitenzi kinafuata jinsia: *kaanati l-madrasatu kabiiratan*, shule ilikuwa kubwa.

Swali linalofuata kila mara ni kama sentensi hii sasa ni ismiya au fiiliya. Imeanza kwa kitenzi, lakini kitenzi hicho kinaitwa *naaqis*, pungufu, kwa kuwa hakitoshelezwi na mtenda peke yake. “Nyumba ilikuwa” haijasema kitu. Walimu wengine huihesabu fiiliya kwa sura yake, wengine ismiya kwa asili yake. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waitazame kama jumla ismiya iliyovishwa wakati, kwa sababu kila kanuni ya mubtada na khabari inaendelea kufanya kazi ndani yake, hata ile ya kutanguliza khabari.

9. Nakanushaje, “nyumba si kubwa”?

Tumia *laysa*: *laysa l-baytu kabiiran*. Ni kitenzi cha ajabu. Umbo lake ni la wakati uliopita (*lastu*, *lasta*, *laysat*), maana yake ni ya sasa, na hakina umbo jingine. Inafanya kazi ya *kaana* kwa irabu. Mara nyingi utaona khabari yake imetiwa *bi-*: *laysa l-baytu bi-kabiirin*, na hapo kukanusha kunakazwa.

Usitumie *laa* tupu kwa kusema “si”. *Laa* kwa kawaida hukanusha kitenzi cha wakati uliopo: *laa yanaamu*, halali. Ile ya *laa ilaaha illa llaahu* ni *laa* nyingine, inayokanusha jinsi nzima ya kitu, na alama yake ni kwamba jina linaloifuata lina *-a* bila tanwini.

10. Basi *yakuunu* ya wakati uliopo inatumika lini?

Inatumika mahali pengi kuliko wanavyodhani wanafunzi walioambiwa kwamba “kuwa” haipo. Kwanza, kwa jambo la mazoea: *yakuunu l-bahru haadi'an fi s-sabaahi*, bahari huwa tulivu asubuhi. Hapa Kiswahili kinakupa alama nyingine ya bure, kile kitenzi chetu “huwa”. Tahadhari tu kwamba “huwa” yetu na *huwa* ya Kiarabu (swali la 6) zinafanana kwa sura na hazina undugu wa maana.

Pili, baada ya maneno yanayodai kitenzi. *Uriidu an akuuna mu'alliman*, nataka kuwa mwalimu. Baada ya *an* lazima kije kitenzi, kwa hiyo “kuwa” haiwezi kujificha. Huwezi kusema *uriidu an mu'allimun*.

## Jumla fiiliya

11. Kwa nini “wanafunzi walitoka” ni *kharaja t-tullaabu*, kitenzi cha mtu mmoja?

Kwa sababu kitenzi kikitangulia, hakihesabu. Kinatazama jinsia tu: *kharaja t-tullaabu*, *kharajati t-taalibaatu*. Mtenda anakuja mara moja baada yake na wingi wake anao mwenyewe, kwa hiyo kitenzi hakina haja ya kuubeba.

Mara mtenda akishatajwa, kitenzi kinachofuata kinahesabu: *kharaja t-tullaabu wa dhahabuu ila l-bayti*, wanafunzi walitoka wakaenda nyumbani. Kitenzi cha kwanza ni cha mmoja, cha pili ni cha wingi, na wenye kutenda ni walewale. Sentensi hii moja ikikaa kichwani inatosha kuwa kanuni.

Mswahili akisema *kharajuu t-tullaabu* anafuata “walitoka wanafunzi”, ambayo kwetu ni sawa kabisa. Baadhi ya makabila ya Waarabu wa kale walisema hivyo pia, na wanazuoni wakaiita lugha ya *akaluuni l-baraaghiith*, “wamenila viroboto”, kwa mfano wake maarufu. Lahaja za leo zimejaa matumizi hayo. Katika fusha, yaani Kiarabu sanifu, iliyoandikwa, yahesabiwa kosa.

12. *At-tullaabu kharajuu* ni fiiliya iliyopinduliwa au ni ismiya?

Hapa ndipo wanazuoni wa kale wa nahau wa Basra na wa Kufa, miji miwili ya Iraki, walipotofautiana. Kwa Wabasra, ambao njia yao ndiyo inayofundishwa zaidi, mtenda hawezi kumtangulia kitenzi chake hata siku moja. Kwa hiyo *at-tullaabu* ni mubtada, na *kharajuu* ni jumla fiiliya nzima iliyokaa mahali pa khabari, mtenda wake akiwa ile *-uu* ya mwisho. Miongoni mwa Wakufa walikuwapo waliokubali mtenda atangulie.

Hoja ya Wabasra mimi naiona nzito kwa mambo mawili unayoweza kuyapima mwenyewe. Kitenzi kimegeuka kuwa cha wingi, jambo ambalo hakikulifanya pale kilipotangulia. Na unaweza kuingiza *inna* ukasema *inna t-tullaaba kharajuu*, na jina likaenda nasbu. *Inna* haiingii isipokuwa kwenye mubtada.

## Mfano mmoja hatua kwa hatua

13. Nionyeshe maandishi mafupi yakichambuliwa.

*As-suuqu qariibun mina l-bayti. Fi s-suuqi dukkaanun saghiirun. Saahibu d-dukkaani rajulun kariimun. Yabii'u t-tamra wa l-qahwata. Wa kaana abuuhu taajiran fii Masqata.*

Sentensi ya kwanza: *as-suuqu* ina *al-*, *qariibun* ina tanwini. Kamba imekatika, tumepata “soko li karibu na nyumba”. Ya pili imeanza kwa herufi ya mahali, basi tunangoja jina lisilojulikana, na linakuja: *dukkaanun*. Neno linalolifuata, *saghiirun*, ni sawa nalo kwa tanwini, kwa hiyo ni sifa yake. “Sokoni kuna duka dogo.” Angalia kwamba tanwini zile mbili hazikufanya sentensi ndani ya sentensi.

Ya tatu ndiyo inayowaangusha watu. *Saahibu* haina *al-*, na msomaji wa haraka anadhani ni nakira. Lakini imeungwa na *d-dukkaani*, na jina lililomilikishwa kwa maarifa huwa maarifa: “mwenye duka”. Maarifa yote yameishia hapo. *Rajulun kariimun* ni nakira mbili zilizoshikana, “mtu mkarimu”. Kwa hiyo “ni” iko kati ya neno la pili na la tatu: mwenye duka ni mtu mkarimu. Ukiikata baada ya *saahibu* unapata upuuzi, na ukiikata baada ya *rajulun* unamwacha *kariimun* akiwa yatima.

Ya nne ni fiiliya, na mtenda hakutajwa, amejificha ndani ya kitenzi: “anauza tende na kahawa”. Zile *-a* za mwisho wa *t-tamra* na *l-qahwata* ndizo alama za mtendwa. Ya tano imerudi kwenye mubtada na khabari, ikavishwa wakati uliopita: “na baba yake alikuwa mfanyabiashara Maskati”. *Abuuhu* ina *-uu* kwa raf'u, *taajiran* imekwenda nasbu kama ilivyosemwa katika swali la 8. Maskati imeishia *-a* baada ya *fii* kwa kuwa ni jina la mji lisilopokea tanwini wala *-i*, jambo la somo lingine.

## Yanayowasumbua waliokwisha kusonga mbele

14. *Al-kitaabu fi l-bayti*: je, khabari hapa ni “fi l-bayti” kweli?

Wanafunzi wa mwanzo huambiwa ndiyo, na inatosha. Wanazuoni wengi walisema khabari hasa ni neno lililoachwa, na herufi ya mahali imefungamana nalo: ama *kaa'inun* au *mustaqirrun*, “kilichopo, kilichotulia”, ama kitenzi *istaqarra*, “kimetulia”. Ibn Malik, aliyefariki mwaka 1274, amelitaja hilo katika Alfiya yake.

Sababu yao ni kwamba “ndani ya nyumba” si kitu wala si tendo, kwa hiyo haiwezi yenyewe kuwa habari ya kitabu. Lazima kuwepo kinachotokea humo ndani. Anayesema “kiko ndani ya nyumba” kwa Kiswahili ameitamka ile *kaa'inun* kwa sauti, katika kile “kiko”. Neno hilo Kiarabu hakilitamki katika hali hii.

15. Kama *kaana* ni wakati uliopita, mbona Qurani inasema *wa kaana llaahu ghafuuran rahiiman*?

Aya hii, iliyomo katika Suratun Nisaa (96) na kwingineko, huwashtua wanafunzi pale wanapoanza kutafsiri neno kwa neno, kwa sababu wanapata “alikuwa”, na “alikuwa” ya Kiswahili hufahamisha kwamba sasa siye. Ndiyo maana tafsiri za Kiswahili kwa kawaida huandika “ni”. *Kaana* yenyewe inathibitisha kwamba sifa ilikuwapo. Haisemi kwamba imekoma. Kukoma tunakuelewa kutokana na hali ya kinachozungumzwa: mtoto alikuwa mdogo, nasi twajua watoto hukua. Kwa sifa za Mwenyezi Mungu wafasiri wameielewa *kaana* kuwa ni ya kudumu, tangu na tangu.

16. Kuchagua ismiya au fiiliya kunabadilisha maana?

Ndiyo, na huu ndio mlango wa balagha, elimu ya ufasaha wa maneno. Kitenzi kinaleta jambo linalotokea na kujitokeza upya. Jina linaleta jambo lililothibiti. Mfano ninaoupenda kuliko yote uko katika Surat Hud, aya ya 69. Malaika walimjia Nabii Ibrahim, *qaaluu salaaman*, *qaala salaamun*. Kwa Kiswahili zote mbili ni “salama” tu, na tofauti inapotea kabisa.

*Salaaman* ya malaika iko katika nasbu, kwa hiyo nyuma yake kuna kitenzi kilichoachwa: “tunatoa salamu”. Ni jumla fiiliya. *Salaamun* ya Ibrahim iko katika raf'u, nayo ni ismiya ambayo khabari yake imeachwa, “salama iwe juu yenu”. Wafasiri wameona humo adabu ya mwenyeji: wageni walitoa salamu kwa tendo la wakati ule, naye akajibu kwa salamu iliyothibiti na kudumu, akawa amejibu kwa bora kuliko alivyosalimiwa. Yote hayo yamebebwa na *-un* badala ya *-an*.

17. Kiarabu cha Ghuba au cha Misri kinafuata haya?

Kuhusu “ni” kuwa haipo wakati uliopo, ndiyo. Atakayefanya kazi Maskati au Dubai atasikia *ana ta'baan*, nimechoka, bila kitenzi chochote, na *kunt ta'baan* kwa jana. Kilichoanguka ni irabu za mwisho, na nasbu ikaanguka pamoja nazo. Kukanusha nako kuna maneno mengine: badala ya *laysa*, Misri wanasema *mish*, Ghuba utasikia *muu* au *mub*. Kile kipimo cha *al-* cha swali la 3 kimebaki palepale. *Il-bayt kabiir* ni sentensi, *il-bayt il-kabiir* bado unangojewa useme.